Jamvi juu ya kifusi: mwongozo kamili, kuanzia kushindilia hadi nailoni ya ukingoni

Ninachoulizwa zaidi na watu wanaojenga kwenye viwanja vya mteremko, Goba, Madale, Kibamba na kwingineko Dar es Salaam, ni ufa wa aina moja kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege. Unaanzia kama kiganja kimoja kutoka ukutani, unakwenda sambamba na ukuta, na marumaru za hapo ukizigonga zinalia kama debe tupu. Mara nyingi ukuta huohuo umeshaanza kubanduka rangi kuanzia chini hadi usawa wa goti.

Wenye nyumba hudhani ni matatizo mawili, zege bovu na rangi feki. Mimi karibu kila mara nakuta ni tatizo moja, nalo liko kando ya chumba. Kifusi cha karibu na ukuta hakikushindiliwa kwa sababu mashine haikufika, na nailoni ya kuzuia unyevu chini ya zege iliishia hapohapo kwa sababu fundi aliikata. Ukichimba katikati ya chumba utakuta kazi imefanyika vizuri kabisa.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, ambayo jamvi linapita juu ya mkanda wa chini, yaani boriti ya zege inayolala juu ya tofali za msingi, hadi uso wa nje wa msingi, kisha kuta za tofali zinasimama juu ya jamvi. Kama kiwanja chako kiko bondeni, ukichimba shimo la mita moja unakuta maji, usiutumie peke yake. Nailoni inazuia unyevu unaopanda, haizuii maji yanayosukuma kutoka chini.

## Mahitaji

Nitatumia nyumba moja tuliyoijenga Goba, yenye mita 8 kwa 10. Baada ya kuondoa udongo wa juu, kutoka chini hadi uso wa jamvi kulikuwa na sentimita 35 upande wa barabarani na sentimita 85 upande wa nyuma. Toa zege sentimita 10, mchanga wa kusawazisha sentimita 5 na mawe sentimita 15. Kinachobaki ni kifusi: sentimita 5 mbele, 55 nyuma, wastani wa 30.

Vifaa vyake vilikuwa hivi:

- Kifusi: mita za ujazo 24 zikishashindiliwa. Tuliagiza 31, kwa sababu kifusi kilicholegea kinapungua karibu robo kikishindiliwa.
- Mawe: mita za ujazo 12, tukaagiza 15.
- Mchanga wa kusawazisha: mita za ujazo 5.
- Nailoni ya geji 1000: mita za mraba 105, pamoja na maungio na ya kuning'inia kando.
- Wavu wa BRC wa A142, yaani waya wa milimita 6 kwenye matundu ya sentimita 20.
- Saruji mifuko 55, mchanga wa zege mita za ujazo 4, kokoto mita za ujazo 7.5.
- Biskuti za zege za kuinulia wavu, tepu pana, waya wa kufungia.
- Kompakta ya kukodi, yaani mashine ya kushindilia, na vishindilio viwili vya mkono. Kishindilio ni bomba la chuma lililochomelewa bamba zito chini. Mchomeleaji yeyote wa mtaani anakutengenezea.
- Mpira wa maji, kamba, rula ya mita 3 na kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa mita moja.

Agiza kwa mita za ujazo, usiagize kwa tripu. Malori hayalingani, na dereva anayesema "imejaa hiyo, mzee" anapima kwa macho yake.

Geji 1000 ni unene wa robo milimita. Dukani utaonyeshwa nailoni nyepesi ya geji 500 na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo inayotumika na wengi. Ni kweli inatumika, lakini unene wake ni nusu, na mafundi wakishaikanyaga juu ya mchanga wenye kokoto inatoboka kama wavu wa dagaa.

## Hatua ya 1: Pima kina kabla ya kununua kifusi

Hamisha usawa wa jamvi kwa mpira wa maji hadi kwenye kila kona ya msingi, kisha pima kushuka chini. Andika namba ukutani kwa penseli. Uso wa jamvi uwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi, hata upande ulio juu kabisa. Kwetu Goba, upande wa barabarani tulipata sentimita 20.

Angalia kina cha kifusi peke yake. Kikizidi sentimita 60 mahali popote, simama. Hata kifusi kilichoshindiliwa vizuri kinashuka kidogo kwa miaka, na kadiri kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyoshuka zaidi. Upande mmoja ukiwa na kifusi cha mita moja na mwingine sentimita 5, jamvi litakuwa limekaa juu ya vitu viwili tofauti. Hapo mhandisi akuchoree jamvi lenye nondo linalobebwa na mikanda yenyewe, lisilotegemea kifusi.

Kagua pia sehemu ya juu ya mkanda. Inatakiwa iwe sawa na mahali mchanga wa kusawazisha utakapoishia, sentimita 10 chini ya uso wa jamvi. Mkanda ukiinuka sentimita 4 zaidi, jamvi litabaki na sentimita 6 juu yake, na ufa utatokea hapohapo hata kama ulishindilia vizuri. Mahali pa kurekebisha kosa hili ni sasa.

## Hatua ya 2: Ondoa udongo wa juu

Toa udongo mweusi wenye mizizi, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20. Visiki vya minazi na mikorosho ving'olewe vyote, visikatwe tu usawa wa ardhi. Mzizi ukioza unaacha tundu, na kabla haujaoza unakuwa chakula cha mchwa.

Shindilia ardhi yenyewe kabla ya kuweka kifusi. Ni kazi ya saa moja ambayo wengi wanairuka. Ukiona sehemu inabonyea chini ya kompakta na kuinuka tena kama godoro, kuna matope au shimo la zamani la taka. Chimba, toa, jaza upya.

## Hatua ya 3: Chagua kifusi

Kifusi kizuri ni moramu au udongo mwekundu wa kichanga. Kibaya ni udongo wa mfinyanzi, hasa ule mweusi unaopasuka kiangazi. Huo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na jamvi juu yake litakuwa linapanda na kushuka kwa kufuata masika na kiangazi.

Jaribu kabla lori halijamwaga. Chukua udongo kidogo, ulowanishe, uviringishe viganjani kama unatengeneza uzi. Ukipata uzi mwembamba kuliko penseli, ukaupinda bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Mrudishe dereva. Udongo mzuri unakatikakatika kabla haujawa uzi.

Mabaki ya nyumba iliyovunjwa yenye mbao, mifuko na vipande vya jipsamu usiyakubali, hata ukipewa bure.

## Hatua ya 4: Shindilia kwa matabaka, na kando kwa mkono

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia.

Mkanda uwe umekaa siku 7 au zaidi. Kifusi kinaposhindiliwa kinasukuma kuta za msingi kwenda nje, na nimeshaona tofali za msingi zilizopinda kama upinde kwa sababu kompakta iliingizwa siku ya pili. Kuta za ndani zijazwe pande zote mbili kwa pamoja. Mtaro wa nje nao urudishiwe udongo na kushindiliwa wakati huohuo, ukuta usibaki unasukumwa upande mmoja.

Anza upande wenye kina kirefu. Tandaza kifusi sentimita 15, sawasawa, usifuate mteremko. Piga alama za sentimita 15 ukutani kwa chokaa ili vijana wasikadirie. Kompakta ndogo ya kukodi nguvu yake haifiki chini zaidi ya hapo. Ukirundika sentimita 50 na kuipitisha juu, sentimita za juu zitakuwa ngumu kama barabara na za chini zitakuwa vilevile zilivyotoka kwenye lori.

Maji ndiyo yanayoamua. Kamata kifusi mkononi ukibane. Kikishika umbo bila kulowesha kiganja, na ukikiangusha kutoka usawa wa kiuno kikavunjika vipande viwili vitatu, kiko tayari. Kikisambaa kama unga, nyunyizia maji na usubiri yaingie. Kikitoa maji, acha jua lifanye kazi yake. Kushindilia tope ni kulihamisha tu kutoka hapa kwenda pale.

Pitisha kompakta mara nne au zaidi kwa kila tabaka, mara ya pili ukikata njia ya kwanza. Tabaka la sentimita 15 linabaki na kama 11 au 12. Upande wa nyuma wa ile nyumba ya Goba tulihitaji matabaka matano.

Sasa kando. Kompakta haiwezi kugusa ukuta, na fundi mwangalifu anaiweka mbali kidogo asiubomoe. Kwa hiyo kuna ukanda wa kifusi wa sentimita 20 hadi 30 unaozunguka kila chumba ambao mashine haijaukanyaga. Huo ushindiliwe kwa kishindilio cha mkono, matabaka ya sentimita 10, kabla ya kutandaza tabaka linalofuata. Kona zinahitaji zaidi, maana zimezungukwa na kuta mbili.

Nitakueleza nilichokikuta siku moja, huko Goba pia, kwenye nyumba nyingine. Sebule ina ufa ule wa sambamba na ukuta. Tukatoa marumaru mbili, tukatoboa jamvi, nikaingiza nondo. Ikashuka sentimita 6 bila kugusa kitu, kisha ikazama kwenye kifusi kwa kusukumwa na mkono mmoja. Hatua moja kuelekea katikati ya chumba tukatoboa tena. Nondo ikagonga mara moja chini ya zege. Jamvi lilikuwa limeshikwa na mkanda upande mmoja na kifusi kigumu upande mwingine, na katikati yake hewa. Kabati la vyombo lilipowekwa hapo, jamvi likakatika.

Kuna mazoea ya kujaza msingi halafu kuuacha upigwe na masika, kwamba mvua itashindilia. Mvua inashusha kifusi cha mchanga kidogo, kweli. Lakini inashusha palipolegea sana na kuacha palipolegea kiasi, na kwenye udongo wenye mfinyanzi inakuachia tope. Ukipenda kusubiri subiri, ila haikuondolei kazi ya kushindilia.

Jinsi ya kujua umefaulu. Simamisha nondo ya milimita 12 na uisukume kwa uzito wako wote, bila nyundo. Fanya hivyo katikati ya chumba, kisha sentimita 10 kutoka ukutani, kisha kwenye kona. Inatakiwa iingie sentimita chache tu, na kwa kiasi kinacholingana kote. Kando ikizama mara mbili ya katikati, chimba hapo ushindilie upya. Halafu mwaga ndoo ya maji kwenye kona moja uiache hadi kesho. Ukikuta pamebonyea, hapajashikana.

Wakati wa jaribio hili fundi atakwambia, "Bosi, hapo pameshashika, tusipoteze siku." Mpe nondo ajaribu mwenyewe kwenye kona. Maneno huisha.

## Hatua ya 5: Panga mawe

Mawe yana kazi mbili. Yanasambaza uzito, na yanakata njia ya unyevu, kwa sababu maji yanayonyonywa na udongo hayawezi kuruka matundu makubwa yaliyo kati ya mawe. Kazi hii ya pili inapotea ukiyajaza matundu hayo kwa udongo.

Mawe ya matumbawe ya ukanda wa Kunduchi na Boko yanafaa, ili mradi ni magumu na hayana udongo. Panga kwa mkono yakiwa yamesimama kwa ubavu, yakibanana, hadi kwenye ukuta. Usimwage katikati na kuyasukuma kwa beleshi, maana kando zitabaki na vipande vidogo tu. Juu yake weka kokoto ndogo za kuziba, kisha kompakta ipite mara kadhaa.

Tembea juu yake. Jiwe likicheza chini ya mguu, liondoe na kulipanga upya. Kando ya ukuta rudia kishindilio cha mkono.

Kama unatumia dawa ya mchwa, mahali pake ni kwenye kifusi kilichokamilika na kando ya kuta, kabla ya mawe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Usiipige kukiwa na dalili ya mvua.

## Hatua ya 6: Sawazisha kwa mchanga

Tandaza mchanga sentimita 5 juu ya mawe, uloweshe kidogo, uburute rula. Mchanga huu ni kitanda cha nailoni. Bila huo kila ncha ya jiwe ni sindano. Okota kokoto zote zilizobaki juu.

Uso uwe sawa na juu ya mkanda. Ngazi ya ghafla kati ya mchanga na mkanda inabana nailoni na kupunguza unene wa zege. Pale patakapokuwa na bafu, ambapo jamvi linashushwa, shusha mchanga na mawe pia. Usipunguze zege.

Mabomba ya maji machafu yawe yameshalazwa na kujaribiwa kwa maji kabla ya hatua hii. Kutoboa nailoni baadaye kwa sababu bomba lilisahauliwa kunaharibu kazi yote ya juma zima.

## Hatua ya 7: Nailoni, na jinsi ya kuimaliza kando

Tandaza nailoni asubuhi, kabla upepo haujaanza, na mkiwa peku au na ndala. Maungio yapandane sentimita 30, yabandikwe tepu kwa urefu wote. Usiivute ikakaza kama ngoma. Iache ilegee kidogo ili ikae vizuri kwenye mabonde madogo bila kupasuka zege likimwagwa.

Sasa fika ukutani. Fundi wengi wanaikata kwenye uso wa ndani wa mkanda, kwa sababu wanaona mkanda ni zege na zege halipitishi maji. Mkanda unanyonya unyevu kutoka tofali za msingi, ingawa polepole. Jamvi likigusa mkanda moja kwa moja, unyevu unapanda kwenye jamvi, unaingia kwenye tofali za ukuta, na rangi inabanduka. Pale utaona pia unga mweupe wa chumvi.

Kwa hiyo nailoni ipite juu ya mkanda wote na itokeze nje ya ukuta sentimita 10. Kisha funga mbao za zege kwa nje ili zibane nailoni hiyo kati ya mbao na ukuta, ikining'inia kuelekea chini. Kuta za ndani nazo vilevile: nailoni inapita juu ya mkanda wake bila kukatika.

Nondo za nguzo zinazotoka kwenye mkanda zitakusumbua. Kata nailoni alama ya msalaba palepale, si tundu kubwa, pitisha nondo, inua masikio manne juu na uyafunge kwa tepu kuzunguka nondo. Mabomba fanya hivyohivyo, na kipande cha ziada cha nailoni kwa juu.

Upande wa baraza una mtego wake. Sakafu ya baraza kwa kawaida iko sentimita 5 tu chini ya sakafu ya ndani, na nailoni iko sentimita 10 chini. Zege la baraza, linalolowa kila mvua inaponyesha, litagusa ubavu wa jamvi juu ya nailoni. Upande huo acha nailoni itokeze sentimita 25. Mbao zikishatolewa, ikunje kwenda juu kwenye ubavu wa jamvi, kisha ndiyo umwage baraza.

Jinsi ya kujua umefaulu. Zunguka nyumba kwa nje kabla ya kumwaga. Unatakiwa uone nailoni ikining'inia pande zote bila kukatika hata mahali pamoja. Ndani, kagua kwa kuinama jua likiwa chini. Tundu linaonekana kama kidoa kisichong'aa. Kila tundu liwekewe kiraka chenye tepu pande zote.

## Hatua ya 8: Wavu na zege

Wavu wa BRC ukilazwa juu ya nailoni na kuachwa hapo hauna kazi. Kuna mtindo wa kuunyanyua kwa ndoano zege likiwa linamwagwa. Unanyanyuka pale, na fundi wa toroli anaukanyaga unarudi. Uweke juu ya biskuti za sentimita 5 kila baada ya kama mita moja, wavu ukae katikati kuelekea juu, kwa sababu nyufa za kusinyaa zinaanzia juu. Maungio ya wavu yapandane tundu moja zima, nao uingie juu ya mkanda kote.

Ukitumia viti vya nondo badala ya biskuti, weka kipande cha marumaru chini ya kila mguu. Bila hicho, kila mguu ni tundu kwenye nailoni.

Toroli isipite juu ya nailoni. Weka mbao za kupitia.

Zege ni moja kwa mbili kwa nne, na maji kwa mfuko mmoja yasizidi lita 27 hivi, pungufu kama mchanga umelowa. Mafundi wanapenda zege linalotiririka kwa sababu halichoshi, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha nyufa. Lishindilie kwenye kona na kando kwa vaibreta au kwa kuchomachoma nondo butu, bila kuifikisha kwenye nailoni. Kama hamtamaliza siku moja, simamisha zege mahali ambapo ukuta utasimama juu yake, au mlangoni. Usikate katikati ya chumba.

Jua la Dar likiwa kali, anza alfajiri. Uso ukishagoma kubonyezwa na kidole, funika kwa magunia au mchanga na umwagilie siku 7.

## Hatua ya 9: Plasta ya nje isizibe ulichokifanya

Nyumba inaweza kufanywa vizuri hadi hapa, kisha mpiga plasta akaiharibu kwa mchana mmoja. Anapiga plasta kuanzia ardhini hadi juu, juu ya ubavu wa jamvi, bila kukatiza. Unyevu wa ardhini sasa una njia mpya: unapanda ndani ya plasta, unaipita nailoni kwa nje, unaingia kwenye tofali. Miezi kadhaa baadaye rangi ya ndani inaanza kuvimba, na lawama anatupiwa muuza rangi.

Plasta ya msingi iishie chini ya nailoni. Ya ukuta ianzie juu yake. Kati yao iache mstari wa wazi, na nailoni inayotokeza ikatwe sawa na uso wa plasta mwisho kabisa wa kazi, si kabla. Mpiga plasta hapendi mstari huo, ataona ni uchafu. Kaa naye asubuhi hiyo.

Baadaye, ukipanga matofali ya nje au kuinua bustani, hakikisha haifiki usawa wa mstari huo.

## Hatua ya 10: Kagua kabla ya marumaru

Subiri kuanzia miezi miwili baada ya kumwaga, maana zege jipya linatoa maji yake lenyewe na litakudanganya. Kisha bandika vipande vya nailoni vya nusu mita kwa nusu mita sakafuni, tepu pande zote nne: kimoja katikati ya chumba, kingine karibu kabisa na ukuta wa nje. Vifungue siku inayofuata.

Vyote vikiwa vikavu, weka marumaru. Vyote vikiwa na matone, zege bado halijakauka. Ongeza wiki tatu urudie. Cha ukutani kikiwa na matone na cha katikati kikavu, toka nje uangalie ule mstari wa plasta kwanza. Mara nyingi utakuta umezibwa.